Umbo limebadilika: ni protini au ni swichi? Njia tatu za kupima, bega kwa bega

Una viumbe wawili wa ukoo mmoja. Mmoja ana kiungo fulani, mwenzake hana, na ramani ya urithi imekufikisha kwenye jeni moja yenye homeoboksi. Hapo kuna njia panda. Huenda protini ya jeni hiyo imebadilika, huenda protini ni ileile ila mahali inapowashwa pamebadilika. Bajeti inatosha jaribio moja, pengine mawili. Uanze na lipi?

Ulinganisho huu umeandikwa kwa mtu aliyesimama hapo: mwanafunzi wa baiolojia Chuo Kikuu cha Dodoma anayeandika pendekezo la utafiti, mtafiti wa mifugo Mpwapwa au Kongwa, mwalimu wa kidato cha sita anayetaka kuelewa kwa nini tunasema jambo hili kwa uhakika. Njia zote tatu tutazipima kwa kisa kimoja, ili usilinganishe embe na nazi.

Kisa chenyewe

Homeoboksi ni kipande cha herufi 180 ndani ya jeni. Kipande hicho hutengeneza sehemu ya protini yenye asidi amino 60, ambayo hujikunja misokoto mitatu. Msokoto wa tatu hujichomeka kwenye mfereji wa DNA na kushika herufi kama TAAT. Kazi ya protini hiyo ni kuwasha na kuzima jeni nyingine, na kwa kufanya hivyo huiambia seli ya kiinitete iko wapi mwilini: huku ni kichwa, huku ni kifua, huku ndiko mguu wa nyuma utakakotokea. Nzi wa matunda ana jeni 8 za kundi la Hox, binadamu ana 39, na zote zina homeoboksi. Zipo pia jeni nyingi zenye homeoboksi nje ya kundi hilo. Mojawapo ni Pitx1.

Pitx1 hufanya kazi kwenye taya, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na kwenye mguu wa nyuma. Panya aliyeharibiwa jeni hii yote huzaliwa na taya fupi na miguu ya nyuma iliyodhoofika, na haishi. Kwa hiyo unaweza kujiuliza: mnyama angewezaje kupoteza miguu ya nyuma kwa kupitia Pitx1 na bado akaishi vizuri?

Jibu lilitoka kwa samaki mdogo wa maji baridi ya kaskazini, samaki wa miiba mitatu. Wale wa baharini wana nyonga yenye miiba miwili mikali. Barafu ilipoyeyuka kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, baadhi yao walibaki kwenye maziwa mapya, na katika maziwa kadhaa yasiyo na uhusiano wowote nyonga ilipotea kabisa. Mwaka 2004 watafiti walichanganya samaki wa baharini na samaki wasio na nyonga wa Ziwa Paxton, Kanada, wakafuatilia wajukuu 375. Sehemu kubwa ya tofauti ya nyonga iliangukia penye Pitx1. Walipoisoma protini yenyewe, hawakukuta hata asidi amino moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni mahali: kwenye kiinitete cha Paxton jeni inawaka mdomoni na puani kama kawaida, ila pale nyonga inapotakiwa kuchipua pana giza.

Kusema "protini ni ileile, basi ni swichi" bado ni kukisia. Ndipo zinapoingia njia tatu.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tutaiuliza maswali manne. Inathibitisha nini hasa, na inaacha nini wazi? Inataka mnyama wa aina gani, tishu gani na vifaa gani? Inakosea wapi, na utajuaje imekosea? Mwisho, inamfaa nani?

Neno "swichi" humu lina maana ya kipande cha DNA kilicho nje ya sehemu inayotengeneza protini, ambacho protini nyingine hukishika ili kuamua jeni iwake wapi, lini na kwa kiasi gani. Jeni moja huwa na swichi nyingi, kila moja na eneo lake. Ndiyo sababu kuharibika kwa swichi moja huondoa nyonga na kuacha taya salama.

Bila kujali utakachochagua, anza kwa kusoma protini za pande zote mbili. Ni kazi ya wiki chache na ni rahisi, lakini isikupe jibu la mkato. Ukikuta tofauti, hujathibitisha kwamba ndiyo iliyobadili umbo, na usiitupe pia. Jeni ya Ubx ni ushahidi: mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba Ubx ya wadudu ina mkia wa protini unaosaidia kuzima jeni ya miguu kwenye tumbo, wakati Ubx ya uduvi wa maji ya chumvi, ikiwekwa ndani ya kiinitete cha nzi, hushindwa kuizima kwa kiwango hicho. Huko protini ndiyo iliyobadilika. Swichi hubeba sehemu kubwa ya mageuzi ya umbo, lakini hazibebi yote.

Njia ya kwanza: kuhesabu aleli ndani ya chotara

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko thamani yake, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Tatizo la kulinganisha wazazi ni kama la kuku na yai. Samaki asiye na nyonga ana seli chache za nyonga, kwa hiyo hata kama Pitx1 yake ni nzima, utapima RNA kidogo. Je, jeni imezimika ndipo nyonga ikapotea, au nyonga imepotea ndipo RNA ikapungua? Kwa wazazi huwezi kujua.

Chotara wa kizazi cha kwanza hulimaliza tatizo hilo. Kila seli yake ina aleli ya baharini na aleli ya Paxton ndani ya kiini kimoja, zikizungukwa na protini zilezile. Zikiwaka sawasawa, basi tofauti ya wazazi ilitokana na mazingira ya seli, yaani na jeni nyingine iliyo mbali. Moja ikiwaka kuliko nyingine, kasoro imeshikamana na aleli yenyewe, iko kwenye DNA iliyo jirani nayo. Chotara wa samaki hawa walitoa jibu lisilo na utata: kichwani aleli mbili zilikwenda sambamba, nyongani aleli ya Paxton ilibaki nyuma. Kichwa kilikuwa kipimo cha kujilinganisha ndani ya mwili uleule.

Unachohitaji ni chotara anayezaa au angalau anayefikia hatua ya kiinitete, na herufi moja iliyo tofauti kati ya aleli mbili ndani ya sehemu inayonakiliwa kuwa RNA. Herufi hiyo haihitaji kubadili protini. Ipo kwenye mkia wa RNA au kwenye herufi isiyobadili asidi amino, inatosha, kwa sababu ni alama tu ya kukuonyesha nakala imetoka kwa nani. Usipoipata, njia hii imefungwa kwako.

Tishu lazima iwe ya kiungo chenyewe, wakati kinapojengwa. Kwa hali ya hewa yetu jambo la kwanza kuharibika ni RNA. Kata vipande vyembamba chini ya nusu sentimita na uvitumbukize mara moja kwenye maji ya kuhifadhia RNA. Maji hayo huilinda RNA takribani mwezi mmoja kwenye nyuzi 4, wiki moja kwenye nyuzi 25, na siku moja tu kwenye nyuzi 37. Boksi lililoachwa ndani ya gari juani kutoka Kongwa hadi Dodoma mjini mwezi wa Novemba limeshakula sehemu ya siku hiyo moja, kwa hiyo beba barafu.

Makosa yake makubwa ni matatu. La kwanza ni DNA iliyobaki ndani ya RNA. DNA ya chotara daima ni nusu kwa nusu, hivyo uchafu huo huvuta hesabu yako kuelekea usawa na kukuficha tofauti ya kweli. Safisha kwa kimeng'enya cha kuvunja DNA, kisha weka mrija mmoja usio na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Mrija huo ukitoa zao, RNA yako bado chafu.

La pili ni upendeleo wa kifaa. Praima huweza kushika aleli moja vizuri zaidi, na programu ya kupanga vipande huweza kupendelea aleli inayofanana na jenomu ya rejea. Dawa yake ni kupima DNA ya chotara yuleyule kwa njia ileile. Ikitoka 50 kwa 50, endelea. Ikitoka 58 kwa 42, upendeleo uko kwenye kipimo chako, na hesabu ya RNA lazima isahihishwe kwa kiwango hicho.

La tatu ni hesabu ndogo. Chukulia umesoma nakala 20 ukapata 13 kwa 7: hiyo ni bahati ya kurusha sarafu, inaweza kutokea hata aleli zikiwa sawa kabisa. Uwiano uleule kwa nakala 400, yaani 260 kwa 140, hauwezi kuelezwa na bahati. Hata hivyo nakala 400 za mnyama mmoja ni za mnyama mmoja. Pima chotara kadhaa, kila mmoja kivyake.

Inachoacha wazi ni kipande chenyewe. Utajua swichi imeharibika, hutajua ni ipi kati ya mamia ya maelfu ya herufi za jirani. Inamfaa mtu mwenye wanyama wanaozaliana, maabara ya kawaida ya PCR na subira ya kuzalisha, asiye na uwezo wa kudunga mayai.

Njia ya pili: jeni ya taa

Hapa unachukua kipande cha DNA unachokishuku, unakiunga mbele ya promota dhaifu isiyowaka peke yake, na nyuma yake unaweka jeni ya protini ya kijani. Unadunga muungano huo kwenye yai kabla seli ya kwanza haijagawanyika, kisha unaangalia kijani kinatokea wapi.

Kwa samaki wetu, kipande cha herufi takribani 2,500 kutoka samaki wa baharini kiliwasha kijani pale nyonga inapoanza. Kipande hicho kiliitwa Pel. Samaki wasio na nyonga kutoka maziwa mengi wamekipoteza: kila ziwa limekata kwa upana wake, lakini mikato yote inakutana kwenye herufi 488 zilezile. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010. Kisha watafiti wakaondoa kijani, wakaunga Pel na Pitx1 nzima, wakadunga mayai ya samaki wa Ziwa Bear Paw, Alaska, ambao hawana nyonga. Samaki waliokua na muungano huo waliotesha nyonga na miiba.

Kwa hiyo njia hii inataja kipande kwa jina, jambo ambalo chotara hawawezi. Mnyama wa kudunga si lazima awe yule unayemtafiti. Samaki pundamilia hutumiwa sana kwa sababu mayai yake ni mengi na yanapitisha mwanga. Unahitaji sindano ya kudungia, hadubini ya kuonea mng'ao wa kijani na chumba cha samaki.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba muungano huingia popote kwenye jenomu. Ukiangukia karibu na swichi ya jirani, utaona kijani ambacho si cha kipande chako. Ukiangukia pagumu, hutaona kitu. Usiamini mnyama mmoja. Amini mahali panapowaka kwa wanyama wengi waliodungwa kila mmoja peke yake, na dunga kundi jingine muungano usio na kipande ili ujue mwanga wa bure unaonekanaje. Kukosa mwanga nako si ushahidi kamili: huenda mnyama mwenyeji hana protini inayokishika kipande chako. Tena, kipande kinachoweza kuwasha jeni si lazima kiwe ndicho kinachoiwasha kwa mnyama wa asili.

Inamfaa aliyekwisha kupunguza orodha hadi vipande vichache, na mwenye mwenza wa maabara ya samaki.

Njia ya tatu: kuhariri DNA mahali pake

Kwa CRISPR unaweza kukata kipande palepale kilipo, au kukitoa na kuweka cha mnyama mwingine. Ni njia inayojibu swali zito zaidi: bila kipande hiki, umbo linabadilika?

Mfano unaoeleweka hata kwa mtu wa hapa kwetu ni wa nyoka. Swichi iitwayo ZRS ina herufi takribani 800, iko karibu herufi milioni moja kutoka jeni ambayo swichi hiyo huitawala, Shh, na protini za Hox ni miongoni mwa zinazoishika. Mwaka 2016 watafiti waliondoa ZRS ya panya wakaweka ya chatu. Panya walizaliwa na vijiti badala ya miguu. ZRS ya samaki, ambaye ametengana na panya zamani zaidi kuliko chatu, ilipowekwa mahali hapo iliotesha miguu ya kawaida. Nyoka wamepoteza herufi 17 ndani ya swichi hiyo; ziliporudishwa kwenye swichi ya chatu, miguu ya panya ilirudi.

Zingatia kwamba walibadilishana kipande, hawakukata tu. Kukata peke yake kuna mtego. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ambamo swichi 10 za miguu ya panya ziliondolewa moja baada ya nyingine, na miguu ikatoka kawaida. Baadhi zilipoondolewa mbilimbili ndipo kasoro ikaonekana. Jeni muhimu huwa na swichi za akiba. Ukikata moja usione kitu, huruhusiwi kuandika kwamba haina kazi. Pima RNA pia: huenda imeshuka bila kufikia kiwango cha kuharibu umbo.

Kosa jingine ni mnyama mchanganyiko. CRISPR ikifanya kazi baada ya seli kugawanyika, nusu ya mwili inahaririwa na nusu inabaki. Ukichukua DNA ya mkia, haikuambii hali ya nyonga. Suluhisho ni kuzalisha kizazi kinachofuata, na hapo muda huongezeka maradufu.

Inamfaa maabara yenye mnyama anayezaa haraka, miaka kadhaa ya kazi, na mshukiwa mmoja aliyekwisha kutajwa na njia nyingine.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

*Unafanya kazi na perege wa Hombolo au Mtera.* Spishi za perege huzaana kirahisi, kwa hiyo chotara ndio mlango wako. Lakini kwa sababu wanachanganyikana hata bwawani, hakikisha kwanza kwa DNA kwamba wazazi uliowakamata si chotara tayari, la sivyo hujui unahesabu aleli ya nani. Viinitete utavipata mdomoni mwa mama, ila kwa kudunga utakuwa umechelewa: yai la kudungwa linatakiwa lingali seli moja. Ukihitaji jeni ya taa, peleka kipande kwa samaki pundamilia.

*Viumbe wako hawawezi kuzaana, kama mjusi na chatu.* Njia ya kwanza imefungwa. Linganisha jenomu, tafuta kipande kilichohifadhiwa kwa wenye miguu na kuvurugika kwa nyoka, kisha anza na jeni ya taa. Kubadilishana kipande kwa uhariri kuje baadaye.

*Huna maabara kabisa, una vielelezo na rula.* Pima kushoto na kulia. Samaki aliyepoteza Pitx1 nyongani mara nyingi hubaki na masalia ya mfupa makubwa zaidi upande wa kushoto, kwa sababu jeni dada yake, Pitx2, huwaka kushoto na kuziba pengo kidogo. Panya asiye na Pitx1 huonyesha upendeleo huohuo. Masalia yakilingana pande zote, mshuku jeni nyingine kabla hujaagiza kemikali.

*Una mbuzi au kondoo wa pembe nne.* Hili linawahusu watu wa mifugo moja kwa moja, maana jeni ni ya Hox: HOXD1. Kwa kondoo zilipotea herufi 4 tu mwanzoni mwa introni ya kwanza, zikavuruga ukataji wa RNA. Kwa mbuzi kilipotea kipande cha herufi takribani 503,000 jirani na kundi la HOXD. Umbo ni lilelile, sababu ni mbili. Herufi 4 utaziona kwa PCR ya kawaida. Kipande cha 503,000 hutakiona: praima zako zitanakili kromosomu isiyokatika peke yake, na mbuzi ataonekana hana kasoro. Angalia mambo mawili kwenye data ya jenomu yake: idadi ya vipande vilivyosomwa hapo iwe nusu ya kawaida, na sehemu zenye herufi mbili tofauti, moja ya kila mzazi, zitoweke kwenye eneo lote. Ukiyaona yote mawili, weka praima moja kila upande wa pengo. Kwenye kromosomu isiyokatika ziko mbali mno kutoa zao, kwa hiyo mstari mfupi ukitokea kwenye jeli, umetoka kwenye kromosomu iliyokatika.